Fundi kanitumia ujumbe herufi zimevurugika, mume wangu anasema mtoto kachezea simu. Naomba tuusome pamoja

Zuhura_K

Habari za usiku wadau. Kuna ujumbe nimeupokea sasa hivi kutoka kwa fundi bomba ambaye kesho asubuhi alitakiwa aje nyumbani. Naunakili kama ulivyo, sijagusa herufi hata moja:

> smahaani ddaa ksheo istakjua asbuuih. mtoot anuamwa nmapleeka hopstlai. ntiafkia saa tsia mhcana. fugna mjai kweyne takni usfiunuge mapka njie. dobma lipmeasuka ndnai ya uktua

Mume wangu kautupia jicho akasema hapo mtoto kashika simu ya baba yake, futa tulale. Mimi nasita. Siku tulipokuwa tunapatana bei, fundi huyu alikataa kuniandikia orodha ya vifaa, akasema ana disleksia na kuandika kunamsumbua tangu akiwa shule, kwa hiyo anapenda kupigiwa. Nimempigia, simu inaita haipokelewi.

Ukuta umelowa na unazidi kulowa, kwa hiyo nataka kujua ananiambia nini kabla sijalala. Mimi nimeambulia "saa" na "ya" tu, na hapo katikati kama "mtoto". Mengine yananipiga chenga.

Chapa_Kazi

Dada, hiyo simu imedukuliwa. Kuna watu wanatuma maneno ya ajabu ili ujibu, ukishajibu wanajua namba iko hai. Usijibu, mfungie.

Zuhura_K

Kaka, hakuna kiungo cha kubonyeza, hakuna anayeomba hela, na namba ni yake ileile. Tena kesho tulikuwa na miadi naye kweli.

Mwl_Rehani

Zuhura, usiufute. Nimefundisha watoto na watu wazima wenye shida ya kusoma na kuandika, na huu ni ujumbe kamili kabisa wenye sentensi tano.

Tuanze na hoja ya mtoto kuchezea simu, maana inapimika. Mtoto hubonyeza pale vidole vinapoangukia, kwa hiyo unapata herufi zinazokaa jirani kwenye kibodi, kitu kama "asddfg hjjkkl", na nafasi kati ya maneno hakuna au zimewekwa ovyo. Sasa tazama miisho ya maneno ya fundi. Nimehesabu maneno 25, na 23 kati yake yanaishia na irabu. Yasiyoishia na irabu ni "asbuuih" na "mtoot" tu. Kiswahili ndivyo kilivyo, karibu kila neno letu linafungwa na irabu. Mtu anayebonyeza ovyo kwenye herufi 26 ambazo 5 tu ni irabu, angepata maneno kama matano hivi ya namna hiyo, siyo 23.

Halafu tazama "dobma". Ukiisoma kwa sauti pamoja na maneno yanayofuata utasikia "bomba". Herufi b imegeuka d. Kwenye kibodi b imepakana na v, g, h na n. Haijapakana na d. Kidole kilichoteleza kisingefika kule. Huyu alikuwa anaitafuta b akachukua d, na hilo ni kosa la mtu anayejua anataka neno gani.

Jinsi ya kusoma: usianze na maneno marefu. Anza na yale yanayojitaja yenyewe, kisha yaache yakubane maana ya jirani zake. "Mtoot" ni mtoto. Mtoto akishapatikana, "anuamwa" haina pa kwenda, ni anaumwa. Mtoto anaumwa, basi "hopstlai" ni hospitali, hata kama i moja imeanguka. Kati ya anaumwa na hospitali, "nmapleeka" inakuwa nampeleka. Umeshapata sentensi nzima bila kubahatisha.

Jongo_la_Mji

Mwalimu umezunguka sana. Hili lilishathibitishwa na Chuo Kikuu cha Kembriji. Ubongo hausomi herufi mojamoja, unasoma neno zima. Herufi ya kwanza na ya mwisho zikiwa mahali pake, katikati changanya utakavyo, mtu anasoma tu. Mimi nimesoma ujumbe wote kwa pumzi moja:

"Samahani dada, kesho nitakuja asubuhi. Mtoto anaumwa, nampeleka hospitali. Nitafika saa sita mchana. Funga maji kwenye tanki, usifunge mpaka nije. Bomba limepasuka ndani ya ukuta."

Zuhura lala, fundi anakuja asubuhi.

Zuhura_K

Asante Jongo, mengi nayaona sasa. Lakini mbona anakuja asubuhi halafu tena anafika saa sita? Na nifunge au nisifunge?

Mwl_Rehani

Umeuliza penyewe. Jongo kasoma vizuri karibu ujumbe wote, ila kakosea sehemu tatu, na hizo tatu ndizo zinazoamua kesho yako itakuwaje. Nitazipitia mojamoja.

Kabla ya hapo, habari ya Kembriji. Lile andiko lenye dai hilo, lililoandikwa kwa maneno yaliyovurugwa, lilianza kuzagaa kwenye barua pepe mwaka 2003, na hakuna utafiti wa namna hiyo uliofanywa chuoni hapo. Aliyekuwa ameshaligusa jambo hilo ni Graham Rawlinson, kwenye tasnifu yake ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Nottingham. Lile andiko linasomeka kwa sababu ni la Kiingereza chenye vineno vingi vya herufi mbili tatu ambavyo havichanganyiki kabisa, na maneno marefu yalivurugwa kidogo tu. Kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima. Hebu soma hili kwa pumzi moja: "hitaduaswatiaa". Ya kwanza na ya mwisho ziko mahali pake.

Jongo_la_Mji

Nimelitazama mpaka macho yameuma. Ni nini?

Mwl_Rehani

"Hawatatusaidia". Sasa hili: "hawtaatusiadia". Neno ni lilelile na herufi ni zilezile, lakini hili umelisoma papo hapo, kwa sababu kila herufi iliyohama imesogea hatua moja tu kutoka kwake. Umbali ambao herufi imesafiri ndio unaoamua kama neno litasomeka. Ujumbe wa fundi unasomeka kwa sababu hiyo: karibu kote ni herufi mbili jirani zimepishana. "Fugna", "takni", "kweyne", "mhcana". Angalia mahali zinapopishana: ng, nk, ny, mch. Pale konsonanti zinapoambatana ndipo panapomponyoka mara nyingi.

Sasa makosa matatu ya Jongo.

La kwanza, "istakjua". Jongo kasoma "nitakuja" kwa sababu ndilo neno alilolitarajia kutoka kwa fundi mwenye miadi. Zitoe herufi zake: i, s, t, a, k, j, u, a. Hakuna n. Kuna s. Ni "sitakuja". Fundi huyu anapishanisha herufi, anaangusha moja moja, na kageuza b kuwa d mara moja, lakini nimepita ujumbe wote sijaona mahali alipoongeza herufi isiyohusika. Kwa hiyo hiyo s ina kazi. Na sentensi inayofuata inaeleza kwa nini haji: mtoto anaumwa.

La pili ni "usfiunuge". Kuna "usifunge" na kuna "usifungue", na maana zake zinapingana. Hesabu u. Kwenye "usifunge" ziko mbili, kwenye "usifungue" ziko tatu. Yeye kaweka tatu. Anasema funga maji kwenye tanki, usifungue mpaka nije. Zuhura, kama hujafunga, nenda ukafunge sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Zuhura_K

Nimefunga. Mume wangu ndiye aliyepanda. Endelea mwalimu.

Mwl_Rehani

La tatu sitalitatua, na nawaomba wengine pia msijaribu. "Saa tsia mchana." Herufi ni t, s, i, a. Sita ina herufi hizo. Tisa ina herufi hizohizo. Saa sita mchana ipo, saa tisa mchana ipo, na mtu aliyetoka hospitali na mtoto anaweza kufika saa yoyote kati ya hizo. Hakuna neno lolote jirani linalobana.

Jongo_la_Mji

Lakini imeanza na t. Herufi ya kwanza huwa haihami, basi ni tisa. Nakubali nilikosea kusema sita.

Mwl_Rehani

Kuna mantiki kwenye hilo, nisikukatae kabisa. Watafiti wanaochunguza Kiebrania, Naama Friedmann na Aviah Gvion, walieleza mwaka 2001 aina ya disleksia ambamo herufi huhama zaidi katikati ya neno, huku ya mwanzo na ya mwisho zikitulia. Lakini wao walikuwa wanaangalia kusoma, sisi hapa tunaangalia kuandika. Na tazama ujumbe wenyewe: "istakjua" imeanza na i badala ya s. Ya kwanza imeshahama mara moja mbele ya macho yetu. Ukiniuliza ninakoegemea, ni tisa. Ukiniuliza kama Zuhura ampangie mtu siku yake kwa kuegemea huko, hapana.

Sauti_Yangu

Naingia hapa kwa sababu nina disleksia na huu uzi unanihusu. Naandika kwa kutamka, simu ndiyo inayoandika, halafu naiambia inisomee kabla sijatuma.

Niseme jambo ambalo watu wengi hawalijui. Watu huniuliza, "Hukuona kwamba umekosea?" Sikuona. Nikirudia kusoma nilichoandika, nasoma kile nilichokusudia. Neno liko kichwani mwangu limekamilika, macho yanapita juu ya herufi na kichwa kinasema sawa. Sizioni herufi zikicheza wala kugeuka kichwa chini. Wapo wanaosema kwao zinasogea, sitawapinga, lakini kwangu sivyo. Makosa nayajua pale tu simu inaposoma kwa sauti, nikisikia kitu kisicho neno. Kwa hiyo fundi huyo hakuwa mzembe. Yumkini alisoma mara mbili akaona uko safi, akatuma.

Na tafadhali dada Zuhura usimwambie "andika tena vizuri". Nikiambiwa hivyo natumia muda mrefu zaidi, nachoka, na toleo la pili linakuja na makosa mapya mahali ambapo mwanzo palikuwa sawa. Unabaki na ujumbe mbili zinazopingana.

Zuhura_K

Asante sana kaka. Sasa nimwulizeje kuhusu saa? Nilikuwa nimeshaandika "Ni saa sita au saa tisa?" bado sijatuma.

Sauti_Yangu

Usitume hiyo. Umeyaweka pamoja maneno mawili ambayo ndiyo yanayonichanganya. Nikilisoma swali hilo ninaweza kuona sita au sita. Na ukisema utaandika kwa tarakimu, 6 na 9 nazo ni umbo moja lililopinduliwa. Mimi namba za namna hiyo nazisikia tu, sizisomi.

Mtumie sauti. Mwambie ulivyoelewa, kipande kwa kipande, ajibu ndiyo au hapana.

Mwl_Rehani

Na kama sauti haiwezekani, tumia maneno ambayo herufi zake si zilezile. "Adhuhuri au alasiri?" Hayo mawili, hata ukiyavuruga vipi moja haliwi jingine.

Niongeze hapo kwenye tarakimu kwa sababu ni hatari kuliko herufi. Neno likivurugika, lugha inakusaidia, maana kuna mpangilio mmoja au miwili tu unaoleta maana. Tarakimu haina msaada huo. 4500 na 5400 zote ni namba halali, na hakuna jicho litakaloona kwamba moja imekosewa. Mtu anayepishanisha herufi akikutumia kiasi cha hela, namba ya simu, tarehe au kipimo cha dawa, ithibitishe kwa sauti hata kama imeonekana safi. Hasa ikiwa imeonekana safi.

Chapa_Kazi

Mimi nashangaa kitu kimoja. Simu siku hizi zinajisahihishia maneno. Kwa nini yake isirekebishe?

Sauti_Yangu

Mimi niliizima hiyo. Ikiwa imewashwa, simu inachukua neno langu lililovurugika na kuliweka neno jingine sahihi ambalo sikulikusudia. Wewe msomaji unaliona neno safi, huna sababu ya kulitilia shaka. "Fugna" inakuambia kuna kitu cha kufumbua. Simu ikiigeuza "fungua", umepotea bila kujua kwamba umepotea.

Mwl_Rehani

Hilo ni kweli kabisa. Na simu nyingi zimewekwa kwenye lugha nyingine, hivyo neno la Kiswahili hata likiwa sahihi linageuzwa kuwa kitu cha ajabu. Ukiona ujumbe wenye maneno safi ya lugha mbili ambayo hayashikani, shuku hiyo kabla hujashuku disleksia.

Mama_Tumaini

Samahani kuingilia, mtoto wangu ana miaka mitano na nusu, anaandika b kama d na jina lake analianzia mwisho. Baada ya kusoma huu uzi nimeogopa. Ndiyo disleksia?

Mwl_Rehani

Mama, kwa umri huo kugeuza b na d ni kawaida. Watoto wengi wanageuza mpaka kama miaka saba na wanaacha wenyewe. Kikombe ni kikombe hata ukikigeuza, mtoto ameishi na sheria hiyo tangu azaliwe, halafu ghafla tunamwambia kwamba tumbo likikaa kushoto ni d na likikaa kulia ni b.

Mimi ningetazama zaidi masikio yake kuliko mkono wake. Je, anaweza kukuambia "mama" na "maji" yanaanza na sauti moja? Ukimwambia kwenye "embe" aondoe "e" ya mwanzo, anabaki na nini? Disleksia kwa walio wengi inakaa hapo, kwenye kukata sauti za neno na kuzifunga kwenye herufi. Na kama kuna mtu kwenye ukoo aliyehangaika kusoma, mtaje shuleni mapema, kwa sababu hurithiwa. Ukitaka tulizungumze zaidi fungua uzi wako, huu tumwachie Zuhura amalize.

Mama_Tumaini

Asante mwalimu. Baba yake ndiye aliyehangaika. Nitafungua uzi.

Kisima_cha_Jioni

Wadau nina neno moja zito. Shangazi yangu alikuwa anaandika ujumbe mrefu mrefu na safi. Siku moja kwenye kundi la familia akaanza kutuma maneno yaliyovurugika hivihivi. Mmoja akasema simu imeingia maji, mwingine akasema kashika mjukuu. Binamu yangu aliyekuwa jirani akaenda kumwangalia, akamkuta mdomo umekwenda upande. Ilikuwa kiharusi. Msije mkamwambia kila mtu kwamba ujumbe uliovurugika ni disleksia.

Mwl_Rehani

Nashukuru sana kwa kulileta hilo, na pole kwa shangazi. Disleksia anayokuwa nayo mtu tangu utoto haiji jana. Swali la kwanza kwa ujumbe wowote wa namna hii ni: mtu huyu huandikaje siku zote? Aliyekuwa anaandika sawa akivurugika ghafla, mpigie mara moja umsikie anavyoongea. Maneno yakiwa yanakwama au hayaeleweki, au uso umelegea upande mmoja, au mkono hauinuki, hiyo ni hospitali sasa hivi, siyo kesho.

Zuhura, una ujumbe wowote wa zamani wa fundi?

Zuhura_K

Huyo jirani aliyenielekeza kwake ana mmoja, aliwahi kunionyesha kwenye simu yake. Ngoja nimwombe.

Ameupata, ni wa mwezi uliopita: "nmieshafkia nko gteini".

Mwl_Rehani

"Nimeshafika, niko getini." Tazama "fika" yake: mwezi uliopita kaandika "fkia", na leo kwenye "ntiafkia" kaandika "fkia" vilevile. Ni mkono uleule na pishano lilelile. Hili linanipa utulivu kwamba leo hakijamtokea kitu kipya. Msichukulie kwamba kila mwenye disleksia anakosea kwa namna moja kila siku. Wengi neno moja wanaliandika kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Huyu kwa bahati ana mazoea.

Jongo_la_Mji

Mwalimu, unaweza kusema kwa uhakika kwamba ni disleksia kwa kuutazama ujumbe tu?

Mwl_Rehani

Siwezi. Tunajua kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia Zuhura. Ujumbe peke yake ungeniambia tu kwamba aliyeuandika anakijua Kiswahili, anajua anachotaka kusema, na mpangilio wa herufi unamponyoka. Kuna mtu aliyeacha shule mapema, kuna anayeandika lugha ambayo siyo yake, kuna aliyechoka au aliye na haraka. Ila namna ya kusoma ni ileile kwa wote, na wajibu wa kuuliza ni uleule.

Zuhura_K

Nimemtumia sauti. Nimesema: "Fundi, pole kwa mtoto. Nimeelewa hivi. Asubuhi huji, ndiyo? Maji nimeyafunga kwenye tanki na sitafungua, ndiyo? Kuhusu saa, ni adhuhuri au alasiri?"

Zuhura_K

Amejibu kwa sauti yuko njiani kutoka hospitali. Mtoto kapewa dawa, homa imeshuka. Kwanza kanishukuru kwa kufunga maji. Asubuhi haji. Anakuja alasiri, saa tisa. Akasema pia bomba limepasuka kwenye kiungio kilicho ndani ya ukuta, kwa hiyo nisishangae akija na tindo. Kumbe sentensi ya mwisho ilikuwa inanitayarisha kwa ukuta kubomolewa.

Jongo_la_Mji

Tisa. Ile t ilikuwa mahali pake.

Mwl_Rehani

Safari hii, ndiyo.

Chapa_Kazi

Mimi bado naona mzigo anaachiwa msomaji. Mtu anayejua anavuruga herufi kwa nini asitume sauti tangu mwanzo? Leo dada angelala na maji yanamwagika ndani ya ukuta.

Sauti_Yangu

Kaka swali lako ni la haki. Fikiria alikuwa wapi. Wodini usiku, watoto wa watu wamelala, huwezi kuanza kuongea na simu. Na wengine wetu tunatuma maandishi kwa sababu tunaambiwa sauti ni usumbufu, kwamba bosi hasikilizi, kwamba tuandike tu kwa kifupi. Kila upande una shida yake. Mimi nimekubaliana na ninaofanya nao kazi: jambo lenye saa, hela au mahali nalisema kwa sauti, hata kama nimeliandika pia. Yaliyobaki naandika na wananivumilia.

Chapa_Kazi

Hiyo ya wodini sikuifikiria. Bado nadhani angeongeza sauti fupi alipotoka nje, lakini nimekuelewa.

Zuhura_K

Niulize la mwisho. Kesho akija, nimwambie kwamba ujumbe ulinisumbua kuusoma? Au ninyamaze?

Sauti_Yangu

Mwambie ni neno gani lilikukwamisha, hilo moja tu. Mimi ningependa kujua kwamba sita na tisa zangu hazisomeki, kwa sababu hilo naweza kulibadilisha. Kuambiwa kwamba ujumbe wangu wote haukueleweka hakunipi cha kufanya.

Mwl_Rehani

Mimi ningenyamaza mpaka aulize mwenyewe. Watu wazima wengi ninaowafahamu wameshasemwa vya kutosha. Hapo mimi na Sauti hatukubaliani, na yeye ndiye anayeishi nayo, kwa hiyo umpime fundi wako.

Jongo_la_Mji

Mwalimu, tungekusanya hapa maneno ambayo yakivurugika kidogo au yakiangusha herufi moja yanakuwa neno jingine kamili. Tunayo sita na tisa, funga na fungua. Naongeza kata na taka.

Kisima_cha_Jioni

Atakuja na hatakuja. H ikianguka, asiyekuja anakuja.

Mwl_Rehani

Hiyo ya Kisima ni mbaya kuliko zote. Kwenye wakati uliopo ukanushaji wetu unaacha alama mbili, "haji" ina h mwanzoni na i mwishoni, hivyo moja ikipotea nyingine inabaki. Wakati ujao una alama moja tu pale mbele. Ujumbe wa mtu anayeangusha herufi ukisema "atakuja", mimi nauliza.

Sauti_Yangu

Wekeni na amelipa na amelipwa. Hiyo w iliwahi kuniletea ugomvi na mteja ambaye mimi nilikuwa nimeshamlipa.